Jina Moja, Kaulimbiu Mpya: Namna ya Kuliita Tamasha la Mji Wako

Umeteuliwa kwenye kamati. Mji wenu unataka tamasha la utamaduni la kila mwaka, na ajenda ya kwanza ya kikao ni jina. Ajenda hii inaonekana nyepesi, kumbe ndiyo inayokula saa tatu. Kila mtu ana neno lake. Mmoja anataka ngoma itajwe, mwingine anataka utalii, mwingine amani, mwingine vijana. Mwisho wa kikao mnatoka na jina refu kama anwani ya barua, na mwaka unaofuata mnalibadilisha.

Dawa yake ni kugawa kazi. Si lazima jina libebe kila kitu. Jina linajibu swali moja tu: "Ni tamasha gani?" Kaulimbiu inajibu swali la pili: "Mwaka huu kuna nini?" Ngoma, amani, vijana na utalii vyote vitapata zamu yao kwenye kaulimbiu. Jina libaki palepale.

Mfumo huu unaujua tayari. Nane Nane ni Nane Nane kila tarehe 8 Agosti, ila kaulimbiu ya maonyesho hubadilika. Mbio za Mwenge ni hivyohivyo. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2004, imebaki na jina lake. Mwaka 2023 ilikuja na kaulimbiu "Tofauti Zetu, Utajiri Wetu". Hakuna aliyedhani ni tamasha jingine.

Hapa tutafanya kazi hiyo hatua kwa hatua. Kwa mazoezi tutautumia mji wa Pangani, mkoani Tanga. Mfano huu ni wa mezani tu, na jina tutakalolipata tunalitunga hapahapa. Wewe weka mji wako mahali pake.

Anza na mji, kisha ongeza neno moja

Jina la tamasha la mji linahitaji vitu viwili: mahali, na neno moja linalolitofautisha. Mahali panamwambia mgeni aende wapi. Neno la pili linampa kitu cha kushika kichwani.

Ukiacha mahali, utaishia na jina kama "Tamasha la Urithi", ambalo mji wowote unaweza kulidai. Ukiacha neno la pili, utapata "Tamasha la Pangani". Hilo linaeleweka, lakini kesho mtu mwingine anaweza kuandaa tamasha la chakula au la muziki palepale na kuliita hivyohivyo. Huna la kumwambia.

Chukua karatasi. Andika vitu kumi ambavyo mtu wa mji wenu angevitaja akiwa ugenini, akiulizwa kwao kukoje. Usiandike sifa, andika vitu. "Ukarimu" ni sifa, na kila mji unajisifia ukarimu. "Mto", "boma", "minazi", "kivuko" ni vitu.

Kwa Pangani orodha inaweza kuanza hivi: mto unaoingia baharini, kivuko cha kwenda Bweni ng'ambo ya pili, mashamba ya mkonge, minazi, boma la kale, na Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa hapo mwaka 1889. Vyote ni vya kweli na vyote ni vya hapo. Sasa tuvichuje.

Chuja kwa swali la miaka ishirini

Kila neno liulize hivi: miaka ishirini ijayo, kitu hiki bado kitakuwepo, na bado kitakuwa chetu sote?

"Tamasha la Kivuko" linasikika vizuri sana. Watu wote hupita pale. Lakini mradi wa barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani una daraja la kuvuka mto huohuo. Watu wakishazoea daraja, jina litahitaji maelezo kila mwaka. Kivuko kiache. Kinafaa sana kuwa kaulimbiu ya mwaka mmoja.

"Tamasha la Mkonge" lina tatizo jingine. Mkonge ni wa mkoa mzima wa Tanga, si wa Pangani peke yake. Na zao linalotegemea bei ya soko huweza kupanda au kushuka. Jina linalotegemea zao, kiwanda au kampuni hutikisika pamoja nalo.

"Tamasha la Abushiri" ni jina zito, lakini linalifunga tamasha kwenye vita. Mwaka mtakaotaka kuzungumzia mapishi au michezo ya watoto, jina litakuwa linavuta upande wake. Mtu wa historia mpe kaulimbiu, au mpe jina la jukwaa. Usimpe tamasha zima, isipokuwa tamasha zima linamhusu yeye.

Unaona utaratibu. Neno zuri likishindwa kuwa jina hulitupi. Unaliweka kwenye orodha ya pili, ile ya kaulimbiu za baadaye. Kwa njia hiyo hata mjumbe aliyelipendekeza hatoki kikaoni amenuna.

Kilichobaki Pangani ni mto. Mto haukauki kwa daraja, hauna chama, na una pande mbili zenye watu: Pangani huku, Bweni kule. Kutoka hapo tunapata jina: Tamasha la Kingo za Pangani. Lina mahali, lina neno linalolitofautisha, na linawaingiza watu wa ng'ambo zote mbili bila kuwataja mmoja mmoja. Kingoni kunaweza kufanyika lolote: ngoma, mapishi, mashindano ya ngalawa, mashairi. Jina halitabishana na kaulimbiu.

Toa maneno yanayozeeka

Kabla ya kupiga muhuri, angalia kama jina limebeba mzigo usiohitajika. Kuna maneno manne hasa ya kuyakata.

La kwanza ni "kimataifa". Msimu wa kwanza una vikundi sita vya wilaya moja. Wageni wakianza kuja kutoka nje, bango lako litawaonyesha. Jina halina haja ya kuwaahidi.

La pili ni mwaka au namba ndani ya jina lenyewe. Mwaka unaandikwa pembeni ya jina, nao unabadilika. Usiusajili, na usiuchore ndani ya nembo.

La tatu ni kifupisho cha taasisi inayoandaa. Taasisi hubadilika. Tazama Bagamoyo: Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 kiligeuzwa kuwa taasisi, TaSUBa, mwaka 2007. Tamasha lake limeendelea kujulikana kwa jina la mji, kwa hiyo mabadiliko ya ofisi hayakumchanganya mtazamaji.

La nne ni jina la mdhamini. Hilo tutalirudia, maana lina pesa ndani yake.

Kuna hatari moja usiyoweza kuikwepa kabisa: mji wenyewe kubadilishwa jina. Mji wa Grahamstown, Afrika Kusini, ulipewa rasmi jina la Makhanda mwaka 2018. Tamasha lake kubwa rasmi linaitwa Tamasha la Taifa la Sanaa, bila jina la mji, kwa hiyo halikulazimika kubadilisha chochote. Kama mji wenu uko kwenye mjadala wa kubadilishwa jina, tumia jina la mto, kilima au ghuba badala ya jina la mji. Kama hakuna mjadala huo, usijisumbue. Weka mji.

Lipitishe midomoni mwa watu

Jina linaishi midomoni kabla ya kuishi kwenye karatasi. Kwa hiyo lijaribu kwa sauti.

Chukua majina mawili au matatu yaliyobaki. Nenda stendi, sokoni na shuleni. Usiulize "Mnaonaje jina hili?" Watu watakusifia tu ili uende zako. Sema badala yake: "Mwezi wa tisa kutakuwa na Tamasha la Kingo za Pangani." Piga soga nyingine kidogo, kisha umuulize mwenzio akuambie hilo tamasha linaitwaje.

Sikiliza kitakachotoka. Akisema "Kingo za Pangani", umefaulu. Akisema "Kingo" tu, umefaulu zaidi, maana tayari amekupa jina la mkato. Akisema "lile tamasha la mtoni", jina limekataa kukaa, ila amekuonyesha neno lililomkaa. Liandike.

Watu watalikata jina tu, upende usipende. Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara ya Dar es Salaam yana jina rasmi refu, lakini mitaani ni Sabasaba. Kwa hiyo chagua wewe mkato mapema. Hakikisha unatamkika peke yake, na kwamba sentensi "Unaenda Kingo mwaka huu?" haichekeshi.

Hapo kwenye kuchekesha pana jambo. Jina lipitishe pia kwa wazungumzaji wa lugha jirani. Uganda kuna tamasha maarufu la muziki lililoanzia Jinja, liitwalo Nyege Nyege. Waandaaji husema jina limetoka kwenye Kiganda, kwa maana ya hamu ya kucheza isiyozuilika. Wewe msomaji wa Kiswahili umeshasikia jingine. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa nchi hiyo alijaribu kulizuia, na jina ni sehemu ya makelele yaliyolifuata. Tamasha lenu la mji, lenye watoto wa shule na wazee kwenye viti vya mbele, halihitaji vita hivyo. Tafuta watu watatu wa lugha tofauti zinazosikika mjini kwenu, uwatajie jina, uangalie nyuso zao.

Hakikisha jina liko wazi

Sasa litafute. Andika jina kwenye mtandao, kwanza zima, kisha mkato wake. Ukiandika "Pangani" peke yake utakutana pia na Pangani ya Nairobi, mtaa unaojulikana sana. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuhitaji neno la pili. "Kingo za Pangani" linakutoa kwenye msongamano huo.

Angalia mitandao ya kijamii. Fungua akaunti siku hiyohiyo mliyokubaliana, hata kama hamna cha kupandisha. Iwe jina tupu bila mwaka: `kingozapangani`. Ukifungua `kingozapangani2027`, mwaka unaofuata utaanza kutafuta wafuasi upya. Anwani ya tovuti ni hivyohivyo: jina tu, na kila msimu upate ukurasa wake ndani.

Kisha nenda kwenye usajili. Tanzania Bara alama za biashara na huduma husajiliwa BRELA, Zanzibar ni BPRA, na Kenya ni KIPI. Bidhaa na huduma hupangwa kwa madaraja ya kimataifa. Burudani na shughuli za utamaduni ziko daraja la 41. Mkitaka kuuza tisheti na kofia zenye jina, nguo ziko daraja la 25. Anza na la 41 kama mfuko ni mdogo.

Ofisini utaulizwa kama jina lina upekee. Jina tupu la mahali ni kazi kubwa kulilinda, kwa sababu kila mkazi ana haki ya kutaja mji wake. Neno la kutofautisha na nembo vinakusaidia. Na mwombaji awe chombo chenye uhai wa kisheria, kama chama, taasisi au halmashauri. Asiwe mwenyekiti kwa jina lake binafsi. Mwenyekiti akihama au mkikosana, jina litaondoka naye.

Ukishapeleka maombi, tumia tahajia ileile kila mahali: kwenye kibali, akaunti ya benki, barua kwa afisa utamaduni na bango. "Kingo za Pangani" leo na "Pangani Kingo Festi" kesho ni majina mawili, na benki itakukumbusha siku ya kupokea hundi.

Andika kanuni kwenye muhtasari

Makubaliano ya mdomo huisha kamati inapobadilika. Andika aya fupi kwenye muhtasari wa kikao, mwenyekiti na katibu watie saini. Mambo matatu yanatosha.

Jina kamili ni hili, na mkato wake ni huu. Jina halijadiliwi tena mpaka baada ya misimu kumi, na kulibadilisha kunahitaji theluthi mbili ya wajumbe. Kaulimbiu huchaguliwa kila mwaka na kamati ndogo ya watu watano, na haigusi jina.

Zingatia hilo la mwisho. Jina ni mali ya mji, kwa hiyo linapitishwa na kikao kikubwa, wazee wakiwemo. Kaulimbiu ni kazi ya mwaka mmoja, kwa hiyo ipe watu wachache wanaoweza kuamua upesi. Ukivichanganya kwenye meza moja, kila mwaka mtu atasimama na kusema, "Kwani tusibadilishe na jina?"

Sasa mdhamini. Atakuja na hela na ombi: jina lake litangulie. Tazama ligi kuu ya soka Tanzania Bara. Ilibeba jina la Vodacom, baadaye ikabeba la NBC. Mashabiki wanaendelea kusema "Ligi Kuu", kwa sababu ligi ni kubwa na jina lake la mtaani lilishakomaa. Tamasha la msimu wa pili halina ubavu huo. Mdhamini akitangulia na mwakani akaondoka, ataondoka na nusu ya jina lenu.

Usimfukuze. Mpe kitu kingine chenye thamani. Jukwaa kuu linaweza kubeba jina lake, au siku ya ufunguzi, au shindano la ngalawa. Kwenye bango aandikwe chini: "Kwa udhamini wa…" Sentensi hii iingie kwenye mkataba kabla ya hela kuingia.

Chagua mada kwanza, maneno baadaye

Tumefika kwenye kaulimbiu. Kosa linaloonekana sana ni kuanza na maneno matamu. Mtu anasema "Utamaduni Wetu, Fahari Yetu", watu wanapiga makofi, kikao kinafungwa. Siku ya tamasha hakuna anayeweza kuonyesha kitu kimoja kilichobadilika kwa sababu ya maneno hayo.

Anza na mada, yaani kitu halisi ambacho mwaka huo mtakiangalia kwa karibu. Kisha uliza: mada hii inabadilisha nini kwenye ratiba? Ikibadilisha vitu vitatu au zaidi, ni mada. Isipobadilisha kitu, ni pambo.

Turudi Pangani, mwaka wa kwanza. Mada ni mafundi wa mikono. Ratiba inabadilikaje? Ufunguzi unafanywa na fundi wa ngalawa, akichonga mbele ya watu. Mabanda ya mbele wanapewa wasuka ukili na wachonga milango. Shule zinapewa shindano la kuandika habari za fundi mmoja wa mtaani kwao. Vitu vitatu vimepatikana. Mada inapita.

Sasa tafuta maneno. Maneno mawili hadi matano yanatosha. Yatamkike kwa pumzi moja na yaelezeke kwa mtoto wa darasa la nne. "Mikono ya Mafundi" inatosha kabisa. Linganisha na "Kuenzi na Kuendeleza Ufundi Asilia kwa Maendeleo Endelevu ya Jamii". Hiyo ya pili ni kichwa cha ripoti. Mtangazaji wa redio ataikata katikati, na hujui ataikata wapi.

Angalia pia kwamba kaulimbiu haisikiki kama jina la tamasha. Usianze na neno "Tamasha", "Siku" au "Wiki", na usiutaje mji. "Siku ya Mafundi Pangani" itageuka jina jipya ndani ya wiki moja. "Mikono ya Mafundi" haiwezi kusimama peke yake kama tukio. Inahitaji jina liitangulie, na ndivyo unavyotaka.

Panga misimu mitatu kwa mkupuo

Usichague kaulimbiu moja moja. Panga tatu, hata kama ya pili na ya tatu ni rasimu. Utaona mara moja kama mnarudia jambo lilelile kwa maneno tofauti.

Kwa mfano wetu:

2027: Mikono ya Mafundi
2028: Jiko la Pwani
2029: Nyimbo za Kazini

Wa kwanza ni kwa macho na mikono, wa pili ni kwa ulimi, wa tatu ni kwa sikio. Kila mwaka kundi jingine la watu linakuwa wenye shughuli: mafundi, kisha wapishi, kisha wavuvi na wakata mkonge wenye nyimbo zao. Aliyekaa nyuma mwaka huu anajua zamu yake inakuja. Hilo linapunguza manung'uniko kuliko barua kumi za kuomba radhi.

Ile orodha ya majina yaliyoshindwa uitoe sasa. "Kivuko" inaweza kuwa mada ya mwaka wa nne. Abushiri anaweza kuwa wa mwaka wa tano.

Kaulimbiu ya mwakani itangazwe siku ya kufunga tamasha la mwaka huu, kwa sentensi moja, jukwaani. Mwito kwa washiriki utoke si chini ya miezi sita kabla. Kikundi cha ngoma kinahitaji muda wa kutunga, na fundi anahitaji muda wa kutengeneza. Kaulimbiu inayotangazwa mwezi mmoja kabla ya tamasha itaishia kwenye bango tu.

Mpangilio wa bango haubadiliki

Macho hujifunza kwa kuona kitu kilekile mahali palepale. Weka mpangilio mmoja na uushikilie:

Tamasha la Kingo za Pangani 2027
Kaulimbiu: Mikono ya Mafundi
Tarehe na mahali
Kwa udhamini wa…

Jina liwe juu na liwe na herufi kubwa kuliko zote. Kaulimbiu iwe chini yake, nusu ya ukubwa huo au pungufu. Nembo na aina ya herufi za jina visiguswe. Rangi ya mandharinyuma na picha vibadilike kila mwaka kufuata kaulimbiu. Ukimwachia mchoraji uhuru wote, atakupa nembo mpya kila msimu kwa nia njema kabisa.

Hapa ndipo unapookoa hela pia. Chapisha bango kubwa la jina na nembo pekee, bila mwaka wala kaulimbiu, kwa kitambaa kizuri. Hilo litatumika miaka kadhaa. Kaulimbiu ichapishwe kwenye ukanda mwembamba wa kufungwa chini yake. Kila mwaka unalipia ukanda tu. Turubai, bendera na vitambulisho vya wahudumu navyo vibaki na jina tupu. Tisheti za kaulimbiu chapisha chache, kwa sababu zikibaki hazina soko mwakani. Zenye jina tupu zitauzika.

Mitandaoni tumia alama za reli mbili: `#KingoZaPangani` ya kudumu na `#MikonoYaMafundi` ya mwaka huo. Ya kudumu ikae mbele kila mara. Miaka mitano baadaye, picha zote zitakutwa mahali pamoja, na ya pili itazigawa kwa misimu.

Kuhusu hesabu, tumia mwaka kuliko namba ya msimu. Namba inaleta ubishi pale tamasha linaporuka mwaka. Sauti za Busara haikufanyika 2016 kwa kukosa fedha, ikarudi 2017 kwa jina lilelile. Ukiandika mwaka tu, kuruka hakukulazimu kueleza chochote kwenye bango.

Jua dalili za jina kuyumba

Miezi miwili kabla ya tamasha, fanya ukaguzi mdogo. Sikiliza redio ya eneo lenu, bodaboda na akina mama wa sokoni wanavyolitaja.

Ukisikia "mwaka huu kuna tamasha la mafundi", kaulimbiu imelimeza jina. Sababu mara nyingi iko kwenye tangazo lenu wenyewe: kaulimbiu imetangulia. Tibu hivi: sentensi ya kwanza ya kila tangazo itaje jina kamili, na kaulimbiu isubiri sentensi ya pili. Mpe mtangazaji maneno yaliyoandikwa tayari, asitunge yake.

Ukisikia "lile tamasha la halmashauri" au "la mheshimiwa", mwandaaji amelimeza jina. Punguza picha za viongozi kwenye bango. Wataje kwenye ratiba, mahali wanapostahili.

Na kama tamasha lenu limeshapita majina matatu kwa miaka mitatu? Usitunge la nne. Nenda kasikilize mitaani watu wanaliitaje. Jina linalotajwa na wengi ndilo lililoshinda, hata kama si lile lililoko kwenye barua zenu. Lichukue, liandikieni muhtasari, lisajilini. Kwa misimu miwili ya kwanza weka mstari mdogo chini ya bango: "Zamani likijulikana kama…" Baada ya hapo mstari uondoke.

Kazi ya wiki hii ni hii. Andika orodha ya vitu kumi vya mji wenu. Ichuje kwa swali la miaka ishirini mpaka yabaki majina mawili. Yapeleke stendi na sokoni Jumamosi, na Jumapili fungua akaunti ya lile lililotajwa bila kusaidiwa. Kikao kikifika, hutapeleka swali. Utapeleka jina moja, kaulimbiu tatu, na aya ya muhtasari inayosubiri saini.